Ukuta unatoa malengelenge, nimepaka rangi mara tatu. Tatizo ni rangi au ukuta?

Mkwezi
Habari wakuu. Kuna ukuta mmoja unanitia wazimu. Ni wa chumba cha kulala, mgongo wake uko nje, na mwisho wake wa kushoto unapakana na bafu. Rangi inavimba malengelenge kuanzia sakafuni, yanapasuka, kisha inadondoka vipande vipande.

Mara ya kwanza nilikwangua nikapaka rangi ya maji. Ikakaa miezi 11. Mara ya pili nikaziba mashimo kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka tena. Miezi mitano. Mara ya tatu fundi akaniambia piga rangi ya mafuta, maji hayapiti hapo. Wiki sita tu yakatoka malengelenge makubwa kama visahani, na zamani yaliishia usawa wa goti, sasa yamefika kiunoni. Nimeuziwa rangi mbovu, au kuna kitu cha kupaka kwanza? Nataka mara ya nne iwe ya mwisho.

Kisebusebu
Sogeza kabati hapo mbele. Uzi umefungwa.

Fundi Brashi
Mkuu, hao ni fangasi. Nimekutana nao sana. Osha ukuta kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, acha ukauke siku mbili, piga sila mikono miwili ndipo uje na rangi. Ulichokosea ni kupaka bila sila. Rangi haina kosa.

Tumbiri Mzee
Mimi chumbani ningeweka rangi ya udongo chini na krimu juu. Inaficha uchafu.

Kisebusebu
@Tumbiri Mzee mwenzio anazama, wewe unamchagulia rangi ya boya.

Bibi Chokaa
Mkwezi, kabla hujanunua kopo lingine, niletee habari ya vitu viwili. Chukua kisu, pasua lengelenge moja la chini na moja la juu, utoe kipande kizima cha rangi. Kigeuze. Mgongoni kuna nini? Ni safi na laini, kuna unga, au kimeng'oa lipu? Na pale ukutani kilipotoka, ni pakavu, pana maji, au pana kitu cheupe? Cha pili, toka nje usimame nyuma ya ukuta huohuo. Pima kutoka sakafu ya ndani hadi ardhi ya nje, ujue ya nje iko chini kwa sentimita ngapi.

Fundi Brashi, usinikasirikie, lakini umetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Fundi Brashi
Sikasiriki bibi. Ila miaka yote hii nakwangua kuta, fangasi nawajua.

Nyota ya Jioni
Yaliyonikuta mimi yalifanana na haya, ila kwangu yalikuwa juu, kwenye kona, nyuma ya kabati (Kisebusebu soma hapa). Rangi ilifanya madoa meusi kisha ikaanza kulegea. Nikaambiwa paa linavuja, nikalipia paa. Halikuwa paa. Tulikuwa tunalala watu wanne na madirisha yamefungwa, nguo zinaanikwa humohumo, na kabati limebanwa ukutani hewa haipiti. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Nilivuta kabati kiasi cha kiganja, nikaacha dirisha wazi asubuhi, madoa yakaacha kuongezeka. Kwa hiyo Mkwezi angalia hewa kwanza, usikimbilie kubomoa.

Mkwezi
Shikamoo Bibi Chokaa. Nimefanya ulivyosema.

Lengelenge la juu: mgongo wa kipande ni safi, unang'aa, na nilipolipasua yalitoka maji kidogo, kama machozi. Lipu ni ngumu lakini ina unyevu. Lengelenge la chini ni tofauti kabisa. Kipande kimetoka na lipu nyuma, na ukutani kuna unga mweupe wenye manyoya manyoya kama pamba. Nikigusa lipu kwa kidole inamomonyoka kama biskuti.

Nje: ardhi iko chini ya sakafu yangu kwa sentimita 4 tu. Tuliweka pevingi miaka miwili iliyopita ili gari lisikwame, na inagusa ukuta moja kwa moja.

@Nyota ya Jioni kitanda kiko upande wa pili, ukuta huu hauna kitu mbele yake. Madirisha yanafunguliwa kila siku.

Bibi Chokaa
Marahaba. Hapo tumeanza kuongea.

Ule unga wa manyoya ni chumvi. Watu wengi wanaita fangasi, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Chota kidogo utie kwenye tone la maji: chumvi itayeyuka ipotee, fangasi hatayeyuka. Fangasi huwa madoa meusi au ya kijani yanayotambaa juu ya rangi. Chumvi hukaa nyuma ya rangi na kuisukuma.

Kinachotokea ni hiki. Maji yanapanda ndani ya tofali kutoka ardhini kama chai inavyopanda kwenye andazi, na yanabeba chumvi za udongo na za saruji yenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta maji yanaruka hewani, chumvi haiwezi kuruka, inabaki na kuganda. Inapoganda inataka nafasi, basi inabandua rangi, na baadaye inavunja lipu yenyewe. Ndiyo maana kipande chako cha chini kimetoka na lipu. Kile cha juu ni kisa kingine: pale chumvi bado haijafika, lakini maji yamefika na rangi ya mafuta haiyaruhusu kutoka, yakakusanyika nyuma yake.

Na umejibu mwenyewe swali la kwa nini yamepanda toka gotini hadi kiunoni. Zamani ukuta ulikuwa unakauka kwa kupumua usawa wa goti. Ulipouziba, maji yakatafuta sehemu ya kutokea juu zaidi. Ukiuziba hadi kiunoni, usishangae kuyaona kifuani.

Fundi Brashi
Mbona mimi nimepaka rangi ya mafuta kuta nyingi za jikoni na bafuni na zimekaa?

Bibi Chokaa
Kwa sababu kuta hizo zililowa kutoka mbele. Rangi ya mafuta inazuia maji yanayorushwa juu yake. Maji yanayokuja kutoka nyuma yanaibandua, maana hayana njia nyingine. Rangi ileile, mwelekeo tofauti.

Mchanga Mweupe
Naunga mkono habari ya chumvi lakini naomba kuongeza. Nyumba ikijengwa vizuri, juu ya msingi kunatandikwa ile nailoni nyeusi ya dipisii ili maji ya ardhini yakatikie hapo. Inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Mkwezi ameinua ardhi kwa pevingi, kwa hiyo maji yanaruka dipisii kama mtu anayeruka uzio. Na mvua ikipiga pevingi inarukia ukuta. Kabla ya pevingi ardhi ilikuwa wapi?

Mkwezi
Ilikuwa chini zaidi, nakumbuka kulikuwa na ngazi ya kuingilia, sasa imebaki kidogo tu. Na nikihesabu miezi, shida ilianza msimu wa mvua wa kwanza baada ya pevingi. Sijui kwa nini sikuviunganisha.

Kisebusebu
Gari halikwami tena, umekwama wewe.

Bwana Koleo
Samahani naingilia. Mimi ni wa mabomba. Mbona wote mmelisahau bafu? Amesema mwisho wa ukuta unapakana nalo. Bomba likivuja ndani ya ukuta unapata malengelenge hayohayo. Mkwezi, usiku funga kila kitu, usitumie maji hata choo, andika namba za mita ya maji, usome tena alfajiri. Zikisogea, una bomba linalovuja. Ni kipimo cha bure.

Mkwezi
Nitafanya leo. Na alama ya unyevu iko juu zaidi upande wa bafu. Nimeangalia: upande wa kushoto imefika karibu mita moja na robo, ikielekea kulia inashuka hadi sentimita 80.

Bwana Koleo
Umeona? Maji ya ardhini yanapanda kwa usawa unaofanana. Mstari ukiinama upande mmoja, tafuta chanzo upande huo.

Mchanga Mweupe
Si lazima. Inategemea upande gani pevingi imeinama, na tofali zenyewe hazinyonyi sawa.

Nyota ya Jioni
Mimi bado nasema jasho. Kuna kile kipimo cha kubandika nailoni ukutani.

Mchanga Mweupe
Ni kweli, na kitakata ubishi wako. Kata kipande cha nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, bandika ukutani kwa solotepu pande zote nne hewa isipite, acha saa 48. Matone yakiwa juu ya nailoni upande wa chumba, ni jasho la hewa. Yakiwa chini yake, upande wa ukuta, yanatoka ukutani.

Mkwezi (siku tatu baadaye)
Majibu. Mita ya maji: saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, namba hazikusogea hata moja. Chumvi niliitia kwenye maji, ikayeyuka yote. Nailoni: kavu pande zote mbili! Sasa maji yako wapi? Nyota kashinda au wote tumeshindwa?

Bibi Chokaa
Mwanangu, nailoni umeibandika wapi?

Mkwezi
Ukutani, juu ya rangi.

Bibi Chokaa
Juu ya rangi ya mafuta. Yaani umefunika sufuria kwa mfuniko, halafu juu ya mfuniko ukaweka mfuniko mwingine, unauliza mbona mvuke hautoki. Kwangua rangi hadi lipu tupu, futa vumbi, ndipo ubandike. Bandika vipande viwili: kimoja usawa wa goti, kingine usawa wa kichwa ambako ukuta ni mzima. Usipokuwa na cha kulinganisha nacho, hujapima kitu.

Kisebusebu
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Wake haukudondosha rangi.

Fundi Brashi
Hata mimi ningebandika juu ya rangi, nisimcheke mwenzangu.

Pili Pilipili
Naomba kuuliza humuhumu. Ukuta wangu ni mpya, lipu ina wiki mbili, fundi kapaka rangi ya mafuta na sasa inanata kama asali na inavimba. Hakuna pevingi wala bafu. Nayo ni chumvi?

Bibi Chokaa
Hapana. Saruji mbichi ni kali kama majivu ya kutengenezea sabuni, na mafuta yakikutana na ukali huo pamoja na unyevu yanageuka sabuni kweli. Ndiyo huko kunata. Kwangua yote, ngoja lipu itimize siku 28 tangu ilipopigwa, na ikiwa nene au mvua zinanyesha ngoja zaidi, kisha tumia praima inayostahimili ukali wa saruji. Usiongeze koti juu ya sabuni.

Pili Pilipili
Asante bibi. Fundi ataniona kesho.

Mkwezi (siku nne baadaye)
Nimerudia. Usawa wa goti, matone chini ya nailoni, upande wa ukuta, mengi. Usawa wa kichwa, kavu. Upande wa chumba, hakuna hata moja. Nyota pole.

Nyota ya Jioni
Nimekubali kwa ukuta wako. Kwangu bado ni jasho.

Bwana Koleo
Na mimi naomba nikiri kitu kabla hamjaniweka kando. Mita ya maji inaona mabomba ya maji safi tu, yale yenye presha. Bomba la maji taka na yale yanayopenya kwenye grauti ya vigae, hayapiti kwenye mita tena. Yeye akioga, maji yanaweza kuingia nyuma ya vigae na mita ikabaki kimya. Kwa hiyo mita kutosogea hakujaliondoa bafu, kumeondoa nusu yake.

Mchanga Mweupe
Hilo ni la haki. Lakini pevingi ipo, inaonekana kwa macho, na tarehe zinakubaliana. Ningeanza na pevingi.

Mkwezi
Naanza vipi? Kubomoa yote siwezi.

Mchanga Mweupe
Si yote. Ng'oa safu za karibu na ukuta, upana wa sentimita 30, chimba upite sentimita 15 chini ya dipisii, kisha jaza kokoto hadi ziwe sentimita 15 chini ya dipisii, usipande juu ya hapo. Mfereji uwe na mwinamo na njia ya kutolea maji, la sivyo umechimba bwawa mlangoni kwako. Na angalia lipu ya nje: kama imeshuka ikafunika dipisii hadi ardhini, ikate ile ya chini, maana nayo ni daraja la maji.

Fundi Brashi
Kisha unaosha chumvi kwa maji ya asidi kidogo na kupaka sila.

Bibi Chokaa
Fundi, hapo pa kuosha ndipo tunapogombana. Chumvi hii inayeyuka majini. Ukiiosha, nusu inashuka na maji na nusu inarudi ndani ya ukuta kungoja zamu nyingine. Ifute kikavu kwa brashi ngumu, kusanya unga kwenye gazeti, utupe mbali, usiufagilie chini ya ukuta uleule. Rudia kila wiki, utaona inapungua. Na nawaomba wote, asidi isikutane na dawa ya kung'arishia nguo uliyoitaja mwanzoni. Zikikutana zinatoa gesi inayoharibu mapafu, na chumbani hakuna pa kukimbilia.

Fundi Brashi
Hilo la gesi nilikuwa silijui. Nimelichukua.

Mkwezi
Lipu iliyobaki niiache au niitoe? Nyingine ni ngumu tu.

Bibi Chokaa
Itoe hadi sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu, hata iliyo ngumu. Sababu ni kwamba chumvi zilizotoka ardhini zinavuta unyevu wa hewa zenyewe. Utaziba chanzo vizuri kabisa, na siku ya mawingu ukuta bado utatoa doa, utadhani kazi imeharibika. Chumvi nyingi imekaa kwenye lipu, kwa hiyo ukiitoa lipu umeitoa chumvi.

Kisha ngoja. Ukuta wa tofali hukauka kama milimita 25 kwa mwezi, hiyo ni kanuni ya kukadiria tu, si ahadi. Ukuta wako una unene gani?

Mkwezi
Milimita 150 bila lipu.

Bibi Chokaa
Basi unakauka pande mbili, kila upande una kama 75 za kukausha. Miezi mitatu hivi, ikiwa hewa inapita na maji mapya hayaingii. Mvua ikiingilia, zaidi.

Kisebusebu
Miezi mitatu na ukuta uchi. Mke akiuliza, sema ni mtindo.

Mchanga Mweupe
Sitakubali habari ya kungoja bila kinga. Ningetoboa mashimo kwenye mstari wa saruji unaounganisha tofali, ule wa chini kabisa juu ya ardhi, kila sentimita 12, nikaingiza ile krimu ya kuzuia maji. Kisha lipu yenye dawa ya kuzuia maji.

Bibi Chokaa
Krimu inasaidia ikiwa dipisii haipo au imeoza. Yake inaonekana ipo, imezikwa tu. Na lipu ya kuzuia maji ni rangi ya mafuta yenye unene zaidi: inakuficha ubaya huku maji yakipanda nyuma yake. Mimi ningepiga lipu ya chokaa ipumue, na sehemu ya chini nisitie jipsamu, maana ikilowa inalainika.

Mchanga Mweupe
Nimeona lipu za kuzuia maji zimekaa miaka mingi bila doa.

Bibi Chokaa
Upande wa ndani, ndiyo. Uliwahi kuangalia upande wa pili wa ukuta?

Mchanga Mweupe
Wakati mwingine upande wa pili ni nje, hakuna anayejali.

Tumbiri Mzee
Nilikuwa nimeuliza habari ya rangi.

Bibi Chokaa
Haya Tumbiri, zamu yako imefika. Rangi ya maji isiyong'aa, koti la kwanza liwe jepesi, limeongezwa maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ile inayong'aa imejaa plastiki, inaziba. Au chokaa yenyewe. Rangi ya udongo au krimu, shauri yako.

Mkwezi (wiki saba baadaye)
Wakuu, narudi na taarifa. Mfereji umechimbwa, kokoto zipo. Lipu ya ndani nimeitoa. Dipisii ilikuwepo kweli, tuliikuta chini ya pevingi kwa sentimita tatu. Chumvi nafuta kila Jumamosi. Wiki ya kwanza nilijaza kopo la nusu lita, wiki hii kijiko kimoja.

Upande wa kulia tofali zimebadilika rangi, zimekuwa nyepesi na nailoni inatoka kavu. Upande wa kushoto, karibu na bafu, kama mita moja ya upana, bado ni nyeusi na nailoni ina matone.

Bwana Koleo
Niliwaambia.

Mchanga Mweupe
Upande huo ndio uliolowa zaidi, lazima uchelewe. Wiki saba si miezi mitatu.

Bwana Koleo
Basi tupime. Mkwezi, kwa siku kumi ogeni kwa ndoo mahali pengine, bafu lisiguswe hata tone. Ukuta ukianza kuwa mwepesi, ni vigae. Usipobadilika, namuomba radhi Mchanga Mweupe hapahapa.

Mkwezi
Siku kumi! Nitamwambia nini mwenye nyumba, yaani mke wangu?

Kisebusebu
Mwambie ni mtindo.